Alama Mbili za Aliyeshindwa

Kaunti nchini Kenya inapotafuta wahandisi washauri wa kuchora ramani za mradi wa maji, kwa kawaida haiangalii bei peke yake. Kila kampuni huleta bahasha mbili, ziwe za karatasi au za kwenye mtandao: moja ya pendekezo la kitaalamu, nyingine ya bei. Kamati ya tathmini hufungua ile ya kwanza na kuipa alama. Anayekosa alama za kupita, bahasha yake ya bei haifunguliwi kamwe. Kisha kamati huandika ripoti inayoeleza nani kapata ngapi, kwa nini, na nani apewe kazi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaipa kamati siku zisizozidi 21, na inaitaka ifuate vigezo vilivyomo kwenye hati za zabuni na si vingine. Wengi wakiisoma ripoti hukimbilia ukurasa wa mwisho, alipo mshindi. Mimi husoma kwanza kurasa za walioanguka, na mfano huu wa kubuni utaonyesha sababu.

Tuseme hati zilisema utaalamu una uzito wa asilimia 80, bei asilimia 20, na alama za kupita kwenye utaalamu ni 70. Kampuni A imepata 87 na inataka shilingi milioni 12. B imepata 79, bei yake milioni 8. C imepata 71, bei milioni 6. Upande wa bei, aliye wa chini kabisa hupewa alama 100, na wengine hupimwa kwake: bei ya chini hugawanywa kwa bei ya mhusika, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Kwa hiyo C ana 100, B ana 75, na A ana 50. Ukichanganya kwa uzito uliowekwa, A anapata 79.6, B 78.2 na C 76.8. A ameshinda.

Sasa tumpunguzie C alama mbili tu. Akiwa na 69 hapiti, na bei yake haifunguliwi. Bei ya chini inayojulikana inakuwa milioni 8 ya B, ambaye anapanda hadi 100. A naye anapata 66.7. Jumla ya B inafika 83.2, ya A 82.93. Mshindi amebadilika, na thamani ya mkataba imeshuka kwa milioni nne, ilhali hakuna aliyegusa alama za kitaalamu za A wala za B. Aliyeamua ni C, ambaye hakuwa na nafasi ya kushinda katika hesabu zote mbili.

Alama mbili hupotelea wapi? Chukua kigezo cha uzoefu: hati zilisema kila mradi wa maji uliomalizika unapewa alama mbili, mradi uwe na cheti cha kukamilisha kazi. Kwa mradi mmoja, C aliambatisha barua ya kupewa kazi badala ya cheti. Barua inathibitisha kwamba alikabidhiwa kazi, haithibitishi kwamba aliimaliza, kwa hiyo kumnyima alama hizo ni sawa. Lakini kama hati zilitaka "ushahidi wa kazi kama hiyo" bila kutaja cheti, basi kamati iliyomnyima imejitungia kigezo chake, na matokeo yote hayana miguu.

Ndiyo maana ripoti nzuri huandika, kando ya kila alama, kigezo kilivyosomeka na karatasi iliyoonekana. Wajumbe hutakiwa kupima kila mmoja peke yake kabla ya kukaa pamoja, na fomu zao huambatishwa. Fomu tatu zenye alama zilezile hadi mwisho hunitia shaka kuliko zile zinazotofautiana: watu watatu wanaosoma kurasa mia mbili hawakubaliani hivyo, labda mmoja wao ndiye aliyesoma.

Kamati yenyewe haitoi zabuni, inapendekeza tu. Mkuu wa ununuzi huipitia ripoti na kuandika maoni yake ya kitaalamu, kisha afisa mhasibu wa taasisi huamua. Walioshindwa huarifiwa na kupewa sababu, na mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 kupita. Katika siku hizo mzabuni anaweza kupeleka malalamiko kwa bodi ya mapitio ya ununuzi, nayo ina siku 21 za kuamua. Inaweza kuamuru tathmini irudiwe.

Katika mfano wetu, iwapo C ataondolewa, wa kulalamika kwa sauti kubwa huenda akawa A. Wakili wake atasimama mbele ya bodi kuitetea barua ya mshindani wake kwa bidii kuliko C mwenyewe.