Bosi Akiandika Saa Nne Usiku

Mwaka 2004, mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa iliamua kesi ya dereva wa gari la wagonjwa aliyefukuzwa kazi kwa sababu hakupatikana kwenye simu yake binafsi nje ya saa za kazi. Mahakama ilisema hilo si kosa.

Australia imeliandika jambo hilo katika sheria iliyoanza Agosti 26, 2024, na mwaka uliofuata ikawafikia waajiri wadogo. Wengi hudhani sheria hiyo inamkataza bosi kutuma ujumbe usiku. Haimkatazi, inamlinda asiyeufungua wala kuujibu, maadamu kukataa kwake hakuvuki mipaka ya busara.

Busara hiyo inapimwaje? Tuseme mhasibu anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Saa nne usiku meneja anamwomba takwimu za kikao cha keshokutwa. Hajibu, na asubuhi anakabidhiwa barua ya onyo. Sheria inauliza sababu ya kumtafuta, usumbufu aliopata, kama analipwa kwa kukaa tayari kuitwa, uzito wa cheo chake, na hali yake ya nyumbani, mathalani ana mtoto mchanga. Takwimu zingeweza kungoja na halipwi chochote cha ziada, kwa hiyo onyo hilo halina pa kusimama.

Sasa mweke fundi wa mitambo anayelipwa posho ya kukaa tayari kuitwa, na mtambo umezimika usiku. Huyu akinyamaza, kinga inamponyoka. Posho ndiyo iliyonunua usiku wake.

Wakishindwa kuelewana hapo kazini, shauri linakwenda kwenye tume ya kazi. Tume inaweza kumwamuru bosi aache kumwadhibu mfanyakazi, lakini pia inaweza kumwamuru mfanyakazi aache kukataa. Upande huo wa pili hausemwi sana.

Ureno imekwenda mbali zaidi. Tangu mwanzoni mwa 2022, mwajiri mwenyewe ndiye anayetakiwa kutomsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa dharura isiyozuilika. Mimi naipenda njia hii, kwani mnyonge halazimiki kuanzisha ugomvi.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa haikugusa ujumbe wa simu. Hata hivyo, inatoa saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, zinazoweza kupungua hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, na saa za ziada zinahitaji makubaliano. Ukifukuzwa kwa kutojibu, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Usiufute ule ujumbe, maana saa ulipoingia inaonekana pale pale, na malalamiko ya kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.