Seva nne, njia moja

Jioni ya Januari 23, 2001, fundi mmoja wa Microsoft huko Marekani alibadilisha mipangilio ya ruta. Muda mfupi baadaye, watu sehemu mbalimbali duniani wakashindwa kufungua microsoft.com na msn.com. Kompyuta zilizobeba tovuti hizo zilikuwa nzima na zinafanya kazi. Kilichokosekana ni wa kueleza ziliko.

Kazi hiyo hufanywa na seva za majina. Mtu aliyeko Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, akiandika jina la tovuti kwenye simu yake, simu huiuliza seva ya kampuni inayompa mtandao. Seva hiyo nayo huzitafuta seva za majina zilizoorodheshwa kwa ajili ya kikoa kile, kisha hurudi na anwani ya tarakimu. Jibu hilo lisipopatikana, ukurasa hauwezi kuanza hata kufunguka.

Microsoft ilikuwa na seva nne za majina, idadi ambayo ingemridhisha mkaguzi yeyote. Lakini zote nne zilikaa kwenye mtandao mmoja, nyuma ya vifaa vilevile. Ruta ilipokosewa, zote zilipotea kwa pamoja, na hitilafu ikachukua takriban siku nzima kurekebishwa. Baada ya hapo kampuni iliongeza seva za majina nje ya mtandao wake. Na haikuwa kwamba tahadhari haikuwepo: mwongozo wa wahandisi wa intaneti uitwao RFC 2182, wa Julai 1997, ulikwishaeleza kuwa seva hizo zinapaswa kutawanywa kijiografia na kimtandao.

Zikitawanywa, kupotea kwa moja hakuleti maafa. Seva inayouliza hutuma swali, hungoja kwa muda mfupi, na isipojibiwa huijaribu nyingine kwenye orodha. Programu nyingi za kazi hii hukumbuka ipi ilichelewa na kuipunguzia maswali. Mtumiaji huona ukurasa umesitasita kidogo tu, na mara nyingi haoni chochote.

Zikinyamaza zote, hali ni tofauti, ingawa madhara hayaji papo hapo. Kila jibu huhifadhiwa kwa muda uliowekwa na mwenye kikoa. Ukiwa sekunde 3,600, waliouliza karibuni wataendelea kuifikia tovuti kwa hadi saa nzima. Ndiyo maana hitilafu ya aina hii huanza kwa utatanishi: huyu anafungua, yule anashindwa. Akiba ikiisha, anayeuliza kwa kawaida hupata kosa la `SERVFAIL`.

Tanzania ilionja upande mwingine wa tatizo hili Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota vibaya nchini. Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa viungo Kinole chenye tovuti iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam, huku seva zake zote za majina zikiwa kwa kampuni moja ng'ambo. Siku kama ile, mteja wa Morogoro angeweza kuikosa tovuti iliyo ndani ya nchi yake kwa sababu swali la jina halivuki bahari. Seva moja ya majina nchini na nyingine nje, kwa kampuni tofauti, zingemhudumia mteja wa Morogoro, na aliye nje, tuseme Muscat, naye asingekwama kwenye jina.

Kujua hali ya kikoa chako hakuhitaji fundi. Kwenye kompyuta yenye `dig`, orodhesha seva zake, kisha iulize kila moja peke yake:

```
dig NS mfano.co.tz +short
dig @ns1.mfano.co.tz mfano.co.tz SOA +norecurse
```

Seva nzima hurudisha jibu lenye alama `aa` kwenye mstari wa `flags`. Jibu lisilo na alama hiyo linaonyesha kuwa seva imeorodheshwa lakini haijasanidiwa kukihudumia kikoa hicho. Linganisha pia namba ya toleo kwenye rekodi ya `SOA`: ikiendelea kutofautiana kati ya seva na seva, mojawapo inatoa taarifa za zamani.

Hatimaye angalia anwani zenyewe. Majina `ns1` na `ns2` yanaweza kuelekea kwenye kompyuta moja, au kwenye mbili zinazotegemea ruta moja. Anwani zote zikiwa kwenye mtandao wa kampuni moja, mwombe anayekutunzia kikoa aongeze seva ya pili kwa kampuni nyingine, na uhakikishe inanakili mabadiliko kutoka kwa ile ya kwanza kabla ya kuiandikisha.