Je, Wajua? Ukikadiriwa Kodi ya Ziada, Dai Hesabu Iliyoizaa

Je, wajua kwamba notisi ya makadirio ya ziada ya KRA huweza kukutajia kodi, adhabu, riba na tarehe ya mwisho ya kulipa, isikuonyeshe kiasi hicho kimepatikanaje? Hesabu yenyewe imo katika karatasi za mkaguzi: jedwali la miamala yako, alichojumlisha, alichotoa, na kiwango alichotumia.

Je, wajua kosa hujificha wapi? Chukua mfano wa muuzaji wa jumla mjini Lodwar aliyesajiliwa kwa VAT. Alitangaza mauzo ya shilingi 8,000,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Mkaguzi akajumlisha fedha zote zilizoingia benki na M-Pesa, akapata 12,640,000. Akatoa milioni nane, akabaki na 4,640,000 alizoziita mauzo yaliyofichwa. Asilimia 16 yake ni shilingi 742,400.

Sasa fungua jedwali, mstari kwa mstari. Shilingi 1,200,000 ni mkopo wa benki. Shilingi 1,000,000 zilitoka kwenye till ya M-Pesa kwenda benki, kwa hiyo fedha zilezile zimehesabiwa mara mbili. Zikitolewa hizo, zinabaki 10,440,000. Tena fedha aliyolipa mteja ilikuwa na VAT ndani yake, hivyo lazima igawanywe kwa 1.16 kabla ya kulinganishwa na mauzo yaliyotangazwa. Jibu ni 9,000,000. Pengo halisi ni milioni moja, na kodi yake ni 160,000. Bila jedwali lile, mfanyabiashara angebaki kulalamika kwamba 742,400 ni nyingi mno, na malalamiko si ushahidi.

Je, wajua kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wako? Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinamtaka mlipakodi aonyeshe kwamba uamuzi wa kodi si sahihi. Ndiyo maana nasema karatasi hizo ni haki ya lazima: huwezi kukosoa hesabu usiyoiona.

Je, wajua haki hiyo imeandikwa wapi? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Hatua za Haki za Usimamizi ya 2015 kinampa mtu anayeweza kuathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupata habari na ushahidi utakaotegemewa katika uamuzi huo. Kifungu cha 6 kinaongeza nyaraka anazohitaji ili akate rufaa.

Je, wajua kwamba njia ya pili, ile ya ombi la habari, haiko wazi kwa kila mtu? Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinamhusu raia, pamoja na kampuni inayodhibitiwa na raia. Mkimbizi mwenye duka Kakuma hawezi kuvitegemea. Lakini kifungu cha 47 cha Katiba kinasema "kila mtu", na Sheria ya Hatua za Haki za Usimamizi imejengwa juu yake. Barua ya mkimbizi ya kuomba karatasi na iegemee hapo.

Je, wajua kwamba raia anaweza kuandika ombi la habari kwa Kiswahili? Mwenye duka wa Todonyang asiyejua kuandika anaweza kulitamka, na ofisa anatakiwa kuliandika na kumpa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuomba ni bure; gharama ya kutoa nakala tu ndiyo inayoweza kutozwa. Ukinyimwa, una siku 30 kwenda Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Katika barua taja namba ya notisi, aina ya kodi na kipindi, kisha uombe jedwali lenye kila muamala, maelezo ya mbinu na kumbukumbu za mikutano ya ukaguzi. "Nipeni faili lote" ni ombi rahisi kukataliwa. Tena usitarajie kuona marejesho ya kodi ya wafanyabiashara wengine, maana sheria inalinda siri zao kama inavyolinda zako.

Je, wajua kosa linaloumiza kuliko yote? Ni kusubiri nakala. Ombi la karatasi halisimamishi siku 30 za pingamizi. Omba siku ileile unapopata notisi, na siku zikikaribia kwisha, wasilisha pingamizi kwenye iTax kwa ulichonacho, ukieleza sababu waziwazi na kutaja kwamba uliomba hesabu tarehe fulani. Sehemu usiyoipinga, kama zile 160,000, ilipe au uombe kuongezewa muda wa kuilipa, la sivyo pingamizi halitakuwa halali. Likiwa halali, Kamishna ana siku 60 za kuamua. Akipitisha muda huo kimya, pingamizi lako limekubaliwa kisheria.