Barua ya Deni la Ada Baada ya Kupoteza Kazi

Mzazi aliyeachishwa kazi mara nyingi huanza kumkwepa mhasibu wa shule. Simu haipokewi, kikao cha wazazi hakihudhuriwi, na shule inabaki na jina lenye deni lisilo na maelezo. Siku orodha ya wadaiwa inaposomwa mstarini, mtoto ndiye anayerudishwa nyumbani. Barua inatakiwa ifike kabla ya siku hiyo.

Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, kwa hiyo deni la aina hii hukutwa zaidi shule binafsi. Huko mishahara ya walimu inatoka kwenye ada hiyohiyo. Mhasibu anaweza kukuonea huruma sana, lakini anachohitaji mezani ni kiasi na tarehe. Barua yenye kurasa mbili za shida na sentensi moja ya “nitalipa nikipata” haimpi kitu cha kuandika kwenye daftari lake.

Tuchukue mfano wa baba mwenye binti kidato cha pili, shule ya kutwa. Ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, awamu nne za 300,000: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Alilipa ya Januari. Mwezi Mei kampuni ikapunguza wafanyakazi. Mwisho wa Julai anadaiwa 600,000, na wazazi wengi wangeandika kuhusu 600,000 hizo tu. Hapo ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa sababu Oktoba inakuja na 300,000 nyingine juu ya deni la zamani. Hesabu ya kweli hadi mwaka ufungwe ni 900,000.

Atalipa na nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kazi kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kwa mshahara wa 450,000 na miaka 6 kazini, hiyo inazidi 600,000. Akitoa 300,000, nyumbani inabaki ya chakula na kodi. NSSF nayo ina fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Ila fedha ya fao usiipangie tarehe kabla haijaingia. Baba huyu anategemea kibanda cha chipsi anachoendesha na mkewe, ambacho baada ya matumizi kinaweza kutoa 30,000 kwa wiki. Basi barua yake inakuwa hivi:

Mkuu wa Shule,
YAH: OMBI LA KULIPA ADA KWA AWAMU NDOGO, MWANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI B
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi tajwa. Nilipunguzwa kazi mwezi Mei mwaka huu. Nakala ya barua ya mwajiri nimeambatisha. Nadaiwa ada ya Aprili na Julai, jumla shilingi 600,000, na ya Oktoba itafikisha 900,000. Leo nimelipa 300,000 katika akaunti ya shule, na stakabadhi ya benki nimeambatisha. Zilizobaki 600,000 naomba nilipe 120,000 kila tarehe 28, kuanzia Agosti hadi Desemba. Naomba binti yangu aendelee na masomo, na shule inijibu kwa maandishi.
Wako mtiifu,

Mistari hiyo inatosha. Ichape nakala mbili, ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, mwalimu wa zamu atakayemtoa binti darasani mwezi Septemba hatakuwa na habari ya makubaliano yoyote. Kila shilingi ipite akaunti ya shule, hata mtu wa ofisini akikupa namba yake ya simu kwa wema.

Shule inaweza kukataa ratiba na kutaka, tuseme, 400,000 kabla ya Oktoba, kwa kuwa Novemba kuna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili na baada ya hapo haina tena pa kumbana mzazi. Usikubali palepale kwa aibu. Kwa kibanda cha 30,000 kwa wiki, Agosti na Septemba zinatoa kama 260,000. Hiyo ndiyo namba ya kurudi nayo, pamoja na hesabu yake kwenye karatasi. Na ikiwa Oktoba biashara imelala na una 70,000 tu, zilipe, kisha umwone mhasibu kabla ya tarehe 28 na mwandike pamoja siku ya kumalizia 50,000.