Mshale Huanzia Penye Elektroni

Wanafunzi wengi wa kemia ogani, wakitaka kuonyesha protoni inahama, huuanzisha mshale kwenye hidrojeni. Hapo wameshapotea. Mshale uliopinda, ambao Robert Robinson na mwenzake Kermack waliuingiza kwenye kemia mwaka 1922, haufuati atomu. Mkia wake hukaa mahali jozi ya elektroni ilipo sasa, na kichwa chake mahali jozi hiyo inapohamia.

Tuchukue esta iitwayo ethili asetati, CH3COOCH2CH3, ikichemshwa na hidroksidi ya sodiamu. Mafuta hugeuka sabuni kwa njia hiyohiyo. Chora huku ukisimulia kwa sauti.

“Jozi huru ya oksijeni ya hidroksidi inaiendea kaboni yenye kifungo maradufu.” Kaboni hiyo ina uhaba wa elektroni, kwa kuwa oksijeni mbili zinazivutia kwao. Usiweke kalamu chini bado, maana ukiishia hapo kaboni itakuwa na vifungo vitano, na nafasi yake ni ya vinne tu. Endelea: “Papo hapo, jozi moja ya kifungo maradufu inapanda juu ya oksijeni yake.” Sasa kaboni ina vifungo vinne vya kawaida, na oksijeni ya juu imebeba chaji hasi.

“Jozi hiyo inarudi chini, kifungo maradufu kinaundwa upya, na kifungo cha kaboni na oksijeni ya ethili kinakatika, jozi yake inaondoka na oksijeni hiyo.” Tumepata asidi asetiki na ioni ya ethoksidi.

Hawa wawili hawawezi kukaa pamoja. “Jozi ya ethoksidi inaichukua hidrojeni ya asidi, na jozi ya kifungo kilichoishika hidrojeni inabaki kwa oksijeni ya asidi.” Asidi asetiki ina pKa ya 4.76 na ethanoli karibu 16, kwa hiyo hatua hii hairudi nyuma. Jumlisha chaji kila hatua: lazima iwe hasi moja mwanzo hadi mwisho. Ikibadilika, kuna mshale umeusahau.

Lakini hesabu hiyo haitoshi. Hidroksidi ingeweza kuishambulia kaboni ya ethili iliyoshika oksijeni, ikaisukuma asetati nje, na mazao yangekuwa yaleyale. Karatasi haiwezi kuamua.

Mwaka 1934 Polanyi na Szabo waliichukua esta ya pentili wakaitenganisha kwa alkali ndani ya maji yenye oksijeni nzito, oksijeni-18. Kama hidroksidi ingeishambulia kaboni ya pentili, oksijeni nzito ingeonekana ndani ya alkoholi. Haikuonekana. Oksijeni ya alkoholi ilikuwa ileile ya esta, kwa hiyo kifungo kilichokatika kilikuwa upande wa kabonili, kama mishale yetu ilivyosema.

Ukibadilisha esta, usiinakili michoro hii. Pale oksijeni inaposhikwa na kaboni yenye kaboni nyingine tatu, na mazingira yakawa ya asidi, kwa kawaida hukatika kifungo cha upande wa pili, kwa kuwa kaboni hiyo huweza kuistahimili chaji chanya.