Upotevu wa maji kwa uvukizi katika malambo na mabwawa ya Mbeya na Iringa

Upotevu wa maji kwa uvukizi ni maji yanayoondoka katika lambo, bwawa au ziwa kwa kugeuka mvuke na kwenda hewani, bila kutumiwa na mtu, mnyama wala mmea. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, iliyoko Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, upotevu huo ni mkubwa kwa sababu mvua hunyesha katika kipindi kimoja, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, na maji yaliyokusanywa hulazimika kukaa juani karibu nusu mwaka.

Wakulima wengi husema "lambo limekunywa maji" pale lambo linapokauka mwezi wa Oktoba. Mara nyingi ardhi haikuyanywa. Yalikwenda hewani, na kiasi kilichokwenda kilitegemea zaidi upana wa lambo kuliko wingi wa maji yaliyokuwamo.

## Jinsi maji yanavyopotea

Ili kilo 1 ya maji igeuke mvuke inahitaji nishati ya takriban megajuli 2.45. Siku ya jua kali mwezi wa Oktoba kila mita ya mraba ya uso wa maji huweza kupokea megajuli 20 hivi. Kama nishati hiyo yote ingetumika kuvukiza maji, zingeondoka kilo 8, yaani tabaka la maji lenye unene wa milimita 8. Kwa kweli sehemu ya nishati hurudishwa angani, na nyingine hupasha maji joto, hivyo kipimo cha kawaida cha kiangazi katika maeneo ya chini na makavu, kama Isimani, Pawaga na Usangu, ni kati ya milimita 5 na 7 kwa siku. Mufindi, penye baridi na ukungu, kiasi ni kidogo zaidi.

Jua si peke yake. Hewa iliyo juu ya maji ikishajaa unyevu, uvukizi hupungua. Upepo mkavu huiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine yenye kiu. Ndiyo maana hata Juni na Julai, watu wanapovaa makoti, maji huendelea kupungua, ingawa si kwa kasi ya Septemba, Oktoba na Novemba, miezi ambayo jua, joto na ukavu wa hewa hukutana.

Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Hesabu hii fupi inafaa kukumbukwa, maana ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

## Ihefu na Mtera

Mfano mkubwa wa uvukizi katika eneo hili unaonekana kwenye Mto Ruaha Mkuu. Mito inayoshuka kutoka milima ya kusini hukusanyika katika bonde la Usangu na kuingia katika ardhi oevu ya Ihefu, ambayo tangu mwaka 2008 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji hutoka Ihefu kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Kizingiti hicho hufanya kazi kama utoro wa maji wa bwawa lililojengwa na watu.

Wakati wa kiangazi maji mengi hugeuzwa njia kwenda mashamba ya mpunga na matumizi mengine kabla hayajafika Ihefu. Yale machache yanayoingia hutandaa juu ya eneo pana lenye kina kidogo na matete mengi. Yakiwa machache kuliko yale yanayochukuliwa na jua na mimea, uso wa maji hushuka chini ya kizingiti, na mto huacha kutiririka kabisa upande wa chini. Hali hiyo imekuwa ikitokea katika hifadhi tangu miaka ya 1990. Ni kosa kumlaumu mkulima wa mpunga peke yake au jua peke yake: jua lilikuwapo siku zote, lakini maji yanayoingia yalipopungua, sehemu yake ikawa kubwa mno.

Mbele zaidi, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kuna bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 kwa ajili ya kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme. Likijaa, uso wake ni zaidi ya kilomita za mraba 600. Uvukizi wa milimita 5 juu ya kilomita za mraba 600 ni mita za ujazo milioni 3 kwa siku, sawa na mto unaotiririsha karibu mita za ujazo 35 kila sekunde kwenda hewani. Bwawa la ukubwa huo haliwezi kufunikwa. Lambo la kijiji au la shamba, hata hivyo, lina nafasi ambayo Mtera haina.

## Malambo mawili yenye maji sawa

Tuchukue malambo mawili ya mfano, kila moja likiwa na mita za ujazo 12,000 mwishoni mwa mvua. La kwanza ni pana: uso wake ni mita za mraba 8,000 na kina chake cha wastani ni mita 1.5. La pili lina mita za mraba 3,000 tu, lakini kina chake cha wastani ni mita 4. Uvukizi uwe milimita 6 kwa siku, kwa siku 180, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Novemba. Jumla ni mita 1.08.

Tukichukulia kwamba kingo zimesimama wima, lambo pana hupoteza mita za ujazo 8,640 na kubaki na 3,360. Lambo la kina hupoteza 3,240 na kubaki na 8,760. Tofauti ni mita za ujazo 5,400. Ng'ombe wa kienyeji akinywa lita 30 kwa siku, maji hayo yangewatosha ng'ombe 1,000 kwa kipindi chote hicho. Katika lambo halisi kingo huteremka taratibu, hivyo uso hupungua kadiri maji yanavyoshuka na upotevu huwa chini kidogo ya hesabu hii. Lakini tofauti kati ya malambo hayo mawili hubaki kubwa.

## Kupima: ni jua au ni mvujo?

Kabla ya kutumia fedha kuzuia uvukizi ni lazima kujua kama lambo halivuji. Vituo vya hali ya hewa hutumia sinia la chuma lenye kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25, lililowekwa juu ya fremu ya mbao. Kwa kuwa sinia hupata joto kuliko bwawa, kipimo chake huzidishwa kwa 0.7 hivi ili kukadiria uvukizi wa bwawa.

Mkulima anaweza kufanya jambo rahisi zaidi. Ndoo kubwa au nusu pipa hutiwa maji ya lambo na kusimamishwa ndani ya lambo lenyewe, ukingo ukiwa juu kidogo ya maji ili mawimbi yasiingie. Likikaa humo, maji yake huwa na joto linalokaribiana na la lambo. Kipimo kimoja huwekwa ndani ya ndoo na kingine kwenye mti uliosimikwa lamboni. Kwa siku 10 zisizo na mvua, wala maji hayachotwi, wala ng'ombe hawanyweshwi, vipimo vyote viwili husomwa. Ikiwa ndoo imeshuka milimita 55 na lambo limeshuka milimita 90, basi milimita 35 zimevuja, yaani milimita 3.5 kwa siku. Hapo kazi ya kwanza ni kukagua tuta na sakafu. Vipimo vikilingana, adui ni jua na upepo.

Dalili nyingine ya mvujo ni maji kushuka sana kati ya jioni na alfajiri ya usiku mtulivu, au majani mabichi chini ya tuta wakati kila kitu kingine kimekauka.

## Njia za kupunguza

Kina huja kwanza. Mahali pazuri pa lambo ni pale bonde linapobanwa na kingo zake kuwa na mwinuko, hata kama tuta litahitaji kuwa refu zaidi kwenda juu. Katika lambo lililokwisha kujengwa, tope linapoondolewa wakati wa ukame lisichotwe kwa kusambaza kazi kila mahali. Ni bora kuchimba shimo la kina upande mmoja na kutumia udongo huo kujaza kingo zenye kina kifupi. Uchimbaji usisogee karibu na tuta, wala usitoboe tabaka la mfinyanzi lililo chini, maana lambo litaanza kuvuja na faida yote itapotea.

Penye malambo mawili, maji ya lile lenye kina kidogo hutumiwa kwanza, au husukumwa kwa pampu kuingia katika lile la kina mara tu nafasi inapopatikana. Lambo moja lililojaa hupoteza kidogo kuliko mawili yaliyo nusu. Vivyo hivyo, maji yaliyotumika kumwagilia maharage au viazi mwezi wa Juni hayawezi kuvukizwa Oktoba. Mkulima anayetunza maji yote "kwa ajili ya kiangazi kikali" hulipa gharama ya kuyatunza kwa maji yenyewe.

Miti ya kukinga upepo husaidia malambo madogo. Safu hupandwa upande unakotoka upepo, ambao wakati wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na kinga yake hufika umbali wa takriban mara 10 ya urefu wa miti. Miti isipandwe juu ya tuta, kwa sababu mizizi hufungua njia za maji. Mikaratusi karibu na maji haifai. Hunywa kile inachokusudiwa kulinda.

Vidimbwi vilivyotandikwa plastiki, vinavyotumika katika mashamba ya mboga na parachichi, vinaweza kufunikwa kwa neti ya kivuli iliyofungwa juu ya waya. Kifuniko kinachoelea huzuia uvukizi karibu kwa kadiri ya sehemu ya uso kinayoifunika. Los Angeles, Marekani, ilimaliza mwaka 2015 kumwaga mipira ya plastiki milioni 96 katika bwawa moja, lakini gharama kama hiyo haimfai mkulima wa kawaida, na kwenye lambo lenye utoro wa maji mafuriko huweza kuibeba. Lambo la perege nalo lisifunikwe lote, maana samaki na mwani huhitaji hewa na mwanga.

Tabaka jembamba la kemikali za mafuta lilijaribiwa Australia na kwingineko katika miaka ya 1950. Juu ya maji yaliyotulia hupunguza uvukizi, lakini upepo hulisukuma pembeni na lazima liongezwe mara kwa mara. Matete na magugu maji hayahesabiwi kuwa kifuniko. Majani yake huvuta maji na kuyatoa hewani.

Katika mito ya msimu yenye mchanga mwingi, njia iliyoenea Machakos na Kitui nchini Kenya ni bwawa la mchanga: ukuta mfupi hujengwa juu ya mwamba, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe. Yakishuka kiasi cha nusu mita au zaidi chini ya uso wa mchanga, jua haliyafikii tena isipokuwa kidogo sana. Hasara yake ni kwamba mchanga huchukua nafasi kubwa, hivyo maji yanayopatikana ni karibu robo au theluthi tu ya ujazo wote, na mto unaoleta tope laini badala ya mchanga hauwezi kutumika kwa njia hii.