Leseni ya Aliyeondoka

Mhasibu wa kampuni ya kusambaza vinywaji Mombasa ameacha kazi Ijumaa, na mrithi wake anaingia Jumatatu. Kampuni inatumia Microsoft 365 na leseni zote zina watu. Mkurugenzi anamwambia msimamizi wa mfumo: "Mpe huyu mpya leseni ya yule wa zamani." Maneno ni machache, lakini utaratibu ukikosewa, ankara za miaka zinaweza kupotea.

Leseni haibebi faili. Ni ruhusa tu ya kutumia huduma, na kampuni huilipia. Barua pepe na nyaraka zimefungwa kwenye akaunti ya mtu. Leseni ikiondolewa, sanduku la barua hubaki siku 30, kisha hufutwa. Hata kubadili jina la akaunti ya zamani na kumkabidhi mrithi si dawa: atasoma barua za siri za mwenzake, na kumbukumbu za mfumo zitachanganya kazi za watu wawili.

Kwa hiyo msimamizi anaanza kwa kufunga mlango. Anabonyeza Block sign-in, kisha Sign out of all sessions, maana simu ya aliyeondoka huenda bado imeingia kwenye akaunti. Halafu, leseni ingali mahali pake, anachagua Convert to shared mailbox. Sanduku linakuwa la pamoja, mrithi anapewa ruhusa ya kulifungua, na wateja wanaoandika kwa anwani ile ya zamani hawapotei. Sanduku la pamoja halidai leseni mradi lisizidi GB 50. Ila akaunti yenyewe isifutwe, kwa sababu ndiyo inayolishikilia sanduku hilo.

Zamu ya faili za OneDrive inafuata. Create link to files humpa msimamizi njia ya kuzifikia, lakini haihamishi chochote. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaona faili zinafunguka, wanadhani kazi imekwisha. OneDrive isiyo na leseni huwekwa kwenye hifadhi ya mbali baada ya siku 93, na hapo haifunguki tena kwa kawaida. Ankara na mikataba inakiliwe kwenye maktaba ya idara katika SharePoint. Nakala hupata anwani mpya, kwa hiyo wenzake watumiwe viungo vipya, la sivyo wataendelea kuhariri faili za zamani.

Kabla ya kuondoa leseni, mrithi afungue ankara kadhaa, za zamani na za karibuni, kwa akaunti yake mwenyewe. Mtu wa nje naye atume barua kwa anwani ya zamani, ionekane kama imefika. Yote mawili yakifaulu, leseni inaondolewa na kupewa mrithi siku hiyohiyo.

Kampuni inayohifadhi nyaraka za idara SharePoint tangu mwanzo haitakuwa na faili za kuokoa mtu anapoondoka. Itabaki na sanduku la barua tu la kushughulikia.